Makopo mawili yanayoanza na "Chlorp": kwa wageni wa dirisha la dawa

Ukipangiwa kituo cha afya mkoani Dodoma, kuna makopo mawili ningependa uyafahamu kabla ya mengine yote. Moja limeandikwa Chlorpheniramine Maleate 4 mg, yaani piritoni, dawa ya mafua ya mzio na muwasho. Jingine ni Chlorpromazine Hydrochloride, la 25 mg au 100 mg, ambalo wengi tunaliita lagaktili, dawa ya wagonjwa wa akili. Yote mawili mara nyingi huja kwenye makopo meupe ya plastiki yenye vidonge 1000, na dawa zikipangwa kwa alfabeti yanakaa bega kwa bega.

Huku kwetu lagaktili haikosi kazi, maana wapo wagonjwa waliotibiwa Mirembe wakarudi Chamwino, Bahi au Kongwa, na wanaendelea na dawa karibu na nyumbani. Piritoni nayo hutoka sana wakati wa kipupwe, upepo na vumbi vinapowaamsha watu na mafua. Foleni ikiwa ndefu, mkono unakwenda pale ulipozoea kwenda.

Tazama majina yenyewe. Herufi sita za mwanzo ni zilezile, na tatu za mwisho pia. Tofauti imejificha katikati: moja lina pheniram, jingine lina promaz. Kwa hiyo ukisoma mwanzo tu hujasoma kitu. Mimi huwaelekeza wageni watafute herufi z. Jina lenye z halimhusu mtoto mwenye mafua. Kwenye cheti hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu waandishi wengine hufupisha CPM na CPZ, na kwa mwandiko wa haraka herufi ya mwisho haisomeki. Hapo usikisie. Rudi kwa aliyeandika.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 7 mwenye muwasho. Cheti kinasema chlorpheniramine 2 mg, mara 3 kwa siku, siku 5. Kidonge ni 4 mg, hivyo ni nusu kidonge kila mara, jumla vidonge saba na nusu, unahesabu 8. Sasa sema umeshika kopo la pili, la 100 mg. Ile nusu imekuwa 50 mg ya dawa nyingine kabisa. Kabla haijafika kwenye bahasha, namba ingeweza kukuzuia: cheti kinataka 2, kopo linasema 100, na hakuna hesabu ya kawaida inayozipatanisha. Ndiyo maana nasisitiza nguvu ya dawa isomwe kwa sauti pamoja na jina, wakati wa kutoa kopo rafuni, kabla ya kumimina kwenye kisahani, na wakati wa kulirudisha. Kidonge nacho kinaweza kukushtua, kwani lagaktili kwa kawaida imepakwa ganda na haigawanyiki vizuri. Lakini usitegemee rangi, inabadilika kila kiwanda kinapobadilika.

Kosa hili linachelewa kugundulika, na hilo ndilo linaloniumiza. Piritoni yenyewe inaleta usingizi, kwa hiyo mama akiona mtoto amelala sana anaona dawa inafanya kazi. Dalili za kumshtua ni mtoto kutoamka vizuri, kizunguzungu akisimama, shingo kupinda, macho kuvutwa juu au ulimi kukakamaa. Watu hudhani ni degedege. Mtoto akirudi na dalili hizo, dawa isimame, daktari aitwe mara moja, na bahasha ihifadhiwe pamoja na vidonge vilivyobaki. Usimwongezee dawa yoyote kwa hiari yako.

Rafuni, vunja alfabeti. Weka lagaktili kwenye kabati la dawa za akili, mbali na piritoni, na kwenye lebo ya rafu andika sehemu inayotofautiana kwa herufi kubwa: chlorPHENIRAMINE, chlorPROMAZINE. Fungua kopo moja kwa wakati mmoja. Vifuniko hubadilishana kirahisi makopo mawili yakiwa wazi mezani, kwa hiyo alama yako iwe kwenye mwili wa kopo, kamwe isiwe kwenye kifuniko, na mabaki ya kopo moja yasimiminwe kwenye jingine. Mzigo mpya ukifika kutoka Bohari ya Dawa, soma lebo upya hata kama kopo unalifahamu.

Mwisho ni pale dirishani. Usimuulize mama, "Hii ni ya mafua, sivyo?" kwa sababu ataitikia tu. Muulize, "Mama, mtoto anasumbuliwa na nini?" kisha nyamaza umsikilize, bahasha ikiwa bado mkononi mwako. Akisema muwasho, linganisha na jina uliloandika, ndipo umpe.