Barua ya benki ilikuwa ya kweli, salio likawa la uongo

Mwaka wangu wa pili kwenye ukaguzi nilipewa sehemu ya fedha, ile ambayo wakaguzi wachanga hupewa kwa sababu inaonekana nyepesi. Kampuni ilikuwa na akaunti mbili benki mbili tofauti, na mwaka wake uliishia tarehe 31 Desemba. Barua za uthibitisho wa salio zilirudi kutoka benki zote mbili. Nikalinganisha, nikapiga tiki, nikafunga faili kabla ya saa sita mchana. Nilijiona hodari.

Msimamizi wangu alifungua faili, akasoma dakika kumi, akaniuliza swali moja tu: "Hii milioni saba iliyoko njiani, iliondoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kilichofuata ndicho kilichonifundisha kazi hii, na ndicho ninachotaka kukueleza wewe unayekaribia kukabidhiwa sehemu hiyohiyo.

Kwanza barua yenyewe, maana bila barua safi hayo mengine hayana msingi. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 505 kinamtaka mkaguzi aishike barua ya uthibitisho mkononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja anaweka sahihi ya kuiruhusu benki itoe taarifa zake, basi. Anayeituma ni wewe, anwani unaitafuta mwenyewe nje ya ofisi ya mteja, na jibu linakuja kwako moja kwa moja. Mhasibu akikuletea bahasha akisema "nimekurahisishia, nilikuwa napita benki," mshukuru kwa upole kisha tuma ombi jipya. Siku hizi bahasha imekuwa faili la PDF linalotumwa na mhasibu kwa barua pepe. Ni yaleyale.

Anayedhani huu ni ukali wa bure aikumbuke Parmalat. Kampuni yake tanzu ya Bonlat, iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman, ilidai kuwa na karibu euro bilioni 3.95 katika Bank of America, na wakaguzi walikuwa na barua ya kuthibitisha. Desemba 2003 benki ikasema akaunti hiyo haipo. Barua ilikuwa imeghushiwa.

Tuma ombi kwa kila akaunti iliyoishi mwaka huo, hata yenye salio sifuri na hata iliyofungwa mwezi wa kumi. Jibu likirudi, usiishie kwenye salio. Soma mpaka chini: mikopo, dhamana, na amana zilizowekwa rehani. Fedha iliyofungwa kama dhamana ya mkopo haiwezi kuhesabiwa sawa na ile ambayo kampuni inaweza kuichukua kesho asubuhi.

Sasa turudi kwenye ile milioni saba. Barua za kwangu zilikuwa halali kabisa, zilitoka benki zikaja kwetu. Tatizo ni kwamba barua inathibitisha upande mmoja tu, yaani benki inasema nini. Hesabu za kampuni zinaonyesha salio la daftari la fedha, na kati ya namba hizi mbili kuna taarifa ya usuluhishi wa benki. Anayetaka kuficha kitu hahangaiki na salio la benki, maana anajua utalithibitisha. Anakificha kwenye zile mistari ya katikati.

Usuluhishi wa akaunti ya kwanza ulikuwa hivi. Salio la benki, 31,250,000. Ongeza fedha zilizoko njiani, 9,400,000. Toa hundi ambazo hazijawasilishwa benki, 6,150,000. Unapata salio la daftari, 34,500,000. Akaunti ya pili haikuwa na mstari hata mmoja wa katikati: benki 12,800,000, daftari 12,800,000. Jumla ya fedha kwenye hesabu ikawa 47,300,000. Kila kitu kilijumlishika na kukubaliana na leja kuu, na hapo ndipo nilipopiga tiki zangu.

Ambacho sikufanya ni kuchukua taarifa ya benki ya Januari na Februari na kuutafuta kila mstari mmoja mmoja: uliingia au ulitoka benki tarehe ngapi? Taarifa hiyo nayo usiipokee mkononi mwa mhasibu ukaiamini tu. Iombe kutoka benki, au kaa pembeni yake aifungue kwenye mtandao wa benki wewe ukitazama.

Fedha zilizoko njiani zilikuwa mafungu matatu. La kwanza, 1,900,000 za mauzo ya tarehe 31 Desemba, liliingia benki tarehe 2 Januari. Hilo ni la kawaida. Fedha ya kweli iliyoko njiani haikai njiani, hufika siku ya kazi inayofuata au ya pili yake. Fungu dogo la 500,000 lilikuwa mauzo ya tarehe 12 Desemba. Januari halikuonekana, Februari halikuonekana. Tulipoomba slipu ya benki yenye muhuri, mtunza fedha akasema ataitafuta. Hajaileta mpaka leo.

Fungu la tatu ndilo lile la 7,000,000. Maelezo yalisema "uhamisho kutoka akaunti ya pili, 31 Desemba," na liliingia benki tarehe 3 Januari. Ukiutazama mstari huu peke yake hauna kosa, fedha imefika baada ya siku tatu na katikati palikuwa na sikukuu. Lakini uhamisho una pande mbili. Msimamizi alinichorea jedwali la tarehe nne: kutoka kwenye daftari, kutoka benki, kuingia kwenye daftari, kuingia benki. Daftari la akaunti ya pili lilionyesha fedha imetoka tarehe 2 Januari. Benki ya pili nayo, tarehe 2 Januari. Daftari la akaunti ya kwanza, 31 Desemba. Benki ya kwanza, 3 Januari.

Itazame taratibu. Usiku wa 31 Desemba zile milioni saba zilikuwa bado benki ya pili, kwa hiyo barua ya benki ya pili ilizihesabu, na ilikuwa sahihi. Daftari la kwanza likazihesabu pia, kama fedha iliyoko njiani. Milioni saba zimehesabiwa mara mbili, huku barua zote mbili zikiwa za kweli na usuluhishi wote wawili ukijumlishika bila dosari. Ndiyo maana akaunti ya pili ilionekana safi mno: upande wa kutoa ulikuwa haujaandikwa popote. Kanuni ya jedwali hili ni fupi. Kuingia na kutoka kwenye daftari lazima viwe mwaka mmoja wa hesabu. Benki zinaweza kupishana siku, madaftari hayaruhusiwi kupishana mwaka.

Kuna namna yake nyingine mbaya zaidi, ya hundi. Hundi ya akaunti ya pili inapelekwa benki ya kwanza siku ya mwisho ya mwaka. Benki ya kwanza inaiingiza papo hapo, kwa hiyo hata barua ya uthibitisho inaionyesha, na benki ya pili bado haijakatwa. Hapo huna hata mstari wa "njiani" wa kukushtua. Kinachokosekana ni hundi hiyo kwenye orodha ya ambazo hazijawasilishwa, na kitu kinachokosekana hukipati kwa kukagua orodha. Unaanzia upande wa pili: chukua taarifa ya benki ya Januari, tafuta hundi ambazo namba zake ni ndogo kuliko hundi ya mwisho iliyoandikwa Desemba, kisha uone kama kila moja ilikuwa kwenye orodha. Wakaguzi wengi huenda kutoka orodha kwenda benki tu, na huo ndio mlango wanaouacha wazi.

Zikabaki zile hundi za 6,150,000. Zilikuwa nne. Tatu zilipita benki ndani ya wiki mbili za kwanza za Januari. Moja, ya 4,200,000 kwa msambazaji mkubwa, iliandikwa tarehe 29 Desemba ikapita tarehe 11 Februari. Nilitaka kuiacha, maana msambazaji anaweza kuchelewa kwenda benki. Msimamizi akacheka: "Wewe ungedai milioni nne, ungekaa nayo hundi wiki sita mfukoni?" Tuliomba taarifa ya madai kutoka kwa msambazaji, ikaonyesha amepokea malipo tarehe 9 Februari. Hundi ilikuwa imeandikwa, ikatiwa sahihi, ikalala kabatini.

Hundi iliyolala kabatini haijalipa kitu. Fedha bado ni ya kampuni na deni bado lipo, kwa hiyo vyote viwili vinarudishwa kwenye hesabu. Utauliza, kwa nini mtu ajipunguzie fedha mwenyewe? Kwa sababu anajipunguzia deni pia. Kama mali za muda mfupi ni 60 na madeni ya muda mfupi ni 40, uwiano ni 1.5. "Lipa" 10 na unabaki na 50 kwa 30, uwiano unapanda hadi karibu 1.67. Aliyekopa kwa masharti ya uwiano huo anajua hesabu hii kuliko mkaguzi wake. Na fedha ikionekana imepungua mno, uhamisho uliohesabiwa mara mbili unaziba pengo. Sikuweza kuthibitisha kwamba ilipangwa hivyo. Meneja wa fedha alisema ni makosa ya tarehe, na faili letu liliandika alichosema pamoja na tarehe zote nne.

Tulisahihisha akaunti ya kwanza: 34,500,000, toa 7,000,000, toa 500,000, ongeza 4,200,000, tunabaki na 31,200,000. Tukaipima kwa kutokea benki: 31,250,000, ongeza 1,900,000 zilizokuwa njiani kweli, toa 1,950,000 za hundi tatu zilizotoka kweli. 31,200,000 tena. Ukipata namba ileile kwa njia zote mbili, hapo piga tiki.

Jumla ya fedha ikashuka hadi 44,000,000, tofauti ya 3,300,000 tu. Meneja aliishikilia hiyo "tu" kwa nguvu, akasema ni ndogo kwa kampuni ya ukubwa wao. Msimamizi hakukubali tuandike tofauti moja. Kwenye barua kwa bodi yakaenda makosa matatu kila moja na kiasi chake, la milioni saba likiwa juu, na la laki tano, dogo kuliko yote, likiwa na mstari wake peke yake kwa sababu ndilo pekee ambalo fedha yake haikuonekana tena.