Beringi isiyo na namba

"Nimeitoa kwenye mota, namba zimefutika. Picha hii inatosha kujua ni ipi?"

Aina inaonekana: gololi safu moja, pande zote mbili sawa, kwa hiyo ni beringi ya kawaida ya gololi. Saizi ndiyo kazi. Nimepima pichani: kipenyo cha nje ni kama mara 2.1 ya tundu. Uwiano huo unaelekea familia ya 62, yaani namba zinazoanza na 62, lakini 6205 (tundu milimita 25 kwa kipenyo cha nje 52), 6206 (30 kwa 62) na 6207 (35 kwa 72) zote zinalingana nao, na picha pekee haizitenganishi. Pima shafti mahali beringi ilipokaa. Ikiwa milimita 25, gawa kwa 5, unapata 5, ndiyo 05 ya mwisho wa namba 6205. Unene wa 6205 uwe milimita 15. Picha ikipigwa kiupande, uwiano hudanganya.