Kabla Zege Halijamwagwa, Hesabu Ringi za Nguzo

Watu wakizungumzia jengo la kuhimili tetemeko la ardhi, huuliza kwanza unene wa nguzo na wingi wa nondo zilizosimama. Mimi kazi yangu ni kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo zilizosimama. Nguzo mbili zinaweza kuwa na unene uleule, zege lilelile na nondo kubwa zilezile, moja ikabaki inabeba mzigo baada ya mtikisiko na nyingine ikapasuka na kuuangusha.

Ushahidi wake ulionekana tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la San Fernando lilipoipiga hospitali ya Olive View, California. Lilikuwa jengo jipya la zege. Ghorofa zake za juu zilikuwa na kuta ngumu za zege, lakini kuta hizo hazikushuka hadi chini. Ghorofa za chini zilisimama juu ya nguzo. Basi mwendo karibu wote wa jengo ukajikusanya kwenye nguzo za chini, na jengo likabaki limeegemea upande. Nguzo zilizofungwa kwa ringi zilizoachana mbali zilisagika. Nguzo ambazo nondo zake zilizungushiwa chuma kimoja mfululizo kama springi, zilipoteza zege la nje, lakini kiini, yaani zege lililo ndani ya chuma hicho, kilibaki kizima na kiliendelea kubeba sakafu za juu. Jengo lilibomolewa baadaye, ila halikuanguka lote juu ya waliokuwamo.

Sababu yake ni hii. Zege likibanwa kutoka juu hutanuka kwa pembeni, na likikosa cha kulizuia hupasuka likiwa limefupika kwa kama sehemu 3 tu katika kila 1000. Ringi zilizo karibukaribu hulizuia lisitanuke, na kiini kilichofungwa hivyo huweza kufupika mara kadhaa zaidi ya hapo kabla ya kusagika. Pia ringi huzuia nondo kubwa zisipinde kwenda nje pale zege la nje linapobanduka, na hubeba nguvu ya mkato inayotaka kuikata nguzo kwa mshazari. Jengo la kawaida halijengwi lipite tetemeko kubwa bila kuumia. Linajengwa liumie mahali palipochaguliwa, chuma kivutike taratibu na kula nguvu ya mtikisiko huku sakafu zikiwa bado juu. Mahali panapofaa kuumia ni miisho ya boriti, kwa hiyo nguzo hufanywa kuwa na nguvu kuliko boriti zinazokutana nazo. Hata hivyo chini kabisa, nguzo inapotoka kwenye msingi, nayo itapinda, na hapo ndipo ringi zinapohitajika kuliko popote.

Tuchukue nguzo moja. Ni ya mraba, milimita 400 kwa 400, ina nondo 8 za milimita 20, na urefu wake wazi kati ya sakafu na boriti ni mita 3. Kwa masharti ya Kimarekani ya ujenzi wa zege, ACI 318, kwa fremu zinazotarajiwa kupinda sana, urefu wa eneo la kufungwa kwa nguvu ni kile kikubwa kuliko vyote kati ya vipimo vitatu: upana wa nguzo, sehemu ya sita ya urefu wazi, au milimita 450. Hapa sehemu ya sita ndiyo inayoshinda, milimita 500, chini na juu. Ndani ya eneo hilo ringi zisiachane zaidi ya robo ya upana wa nguzo, yaani milimita 100, wala zaidi ya mara 6 ya unene wa nondo, yaani 120. Tunachukua 100. Ringi ya kwanza ikikaa milimita 50 kutoka usoni pa msingi au boriti, tunapata 5 katika kila mwisho. Katikati ya nguzo zinaweza kuachana hadi 120. Sasa linganisha na ringi za kila milimita 200 kutoka chini hadi juu, jambo ninalolikuta mara kwa mara: katika eneo lilelile zinaingia 2 au 3. Nchi yako inaweza kuwa na kanuni zenye namba tofauti kidogo. Fuata hizo, na fuata mchoro wa mhandisi wako.

Idadi ikitimia, tazama ndoano, yaani miisho ya ringi inapopindwa. Ringi ikifungwa kwa kona ya nyuzi 90, mkia wake unalala ndani ya zege la nje. Zege hilo likibanduka, ndoano inafunguka na ringi haishiki tena kitu. Mkia unatakiwa upindwe nyuzi 135 uingie ndani ya kiini, na uwe mrefu angalau mara 6 ya unene wa chuma cha ringi bila kupungua milimita 75. Fundi wa nondo atakuambia ni kazi ngumu, na ni kweli. Hata hivyo sikubali kulegeza hapa, maana baada ya zege kumwagwa hakuna atakayeliona tena kosa hili mpaka tetemeko lije. Kwenye nguzo yetu yenye nondo 8, ringi ya nje inashika kona tu. Zile 4 za katikati ya pande zinahitaji vyuma vya kukatiza, au ringi nyingine ya ndani, ili nazo zisipinde.

Kisha panda juu, pale boriti inapokutana na nguzo. Ringi za nguzo lazima ziendelee ndani ya makutano hayo. Huachwa kwa sababu rahisi: nondo za boriti zikishapitishwa, ringi iliyofungwa haina pa kuingilia. Zipangwe kwanza, ndipo nondo za boriti zipitishwe.

Umbo la jengo, kwangu, ni sehemu ya ukaguzi huohuo. Ghorofa iliyoachwa wazi chini ya ghorofa zenye kuta nyingi inazipa nguzo za chini mwendo wa jengo zima, kama Olive View. Jengo lenye kuta ngumu upande mmoja hujizungusha, na nguzo za upande wa mbali husafiri zaidi. Ringi nzuri husaidia, lakini zina kikomo.

Kosa ninaloliogopa zaidi huja baada ya nguzo kukamilika. Mtu anajenga ukuta wa matofali wa mita 2 ulioshikana na nguzo yetu ya mita 3, akiacha mita 1 juu kwa madirisha. Nguzo sasa inaweza kupinda katika mita 1 tu. Ugumu wake unakuwa kama mara 27, kwa hiyo inavuta kwake nguvu iliyopaswa kugawanywa kwa nguzo nyingine. Na ili ipinde miisho yote miwili, nguvu ya mkato inapaswa kuwa mara 3 ya ile iliyokadiriwa. Kwa kawaida mkato hushinda kwanza, na dalili yake ni nyufa za mshazari zenye umbo la X kati ya kingo ya ukuta na boriti.

Dawa ni kuacha nafasi kati ya ukuta na nguzo. Ikiwa ghorofa inatarajiwa kusogea asilimia 2 ya kimo chake, ukuta wa mita 2 unahitaji karibu milimita 40 kila upande, zijazwe kitu laini kinachobonyea, na ukuta wenyewe ushikwe kwa namna nyingine usianguke kwa mbele au nyuma. Kagua nafasi hiyo kabla ya lipu, maana mchanganyiko wa saruji ukidondokea humo na kukauka, nguzo imeshikwa tena.