Usifunge butloda ya hiyo simu bado

"Nimenunua simu imetumika hapa Kondele. Kila nikiiwasha inaleta onyo la rangi ya chungwa. Nikifunga butloda, onyo litaisha?"

Ndugu, ngoja kwanza. Chungwa inamaanisha butloda, ile programu ndogo inayoanzisha mfumo wa simu, iko wazi: simu inakuonya tu, kisha inawaka na mfumo wowote iliowekewa. Hakikisha kwa kompyuta:

```
adb shell getprop ro.boot.verifiedbootstate
```

Itajibu `orange`. Sasa, kama mwenyewe wa kwanza aligusa sehemu ya `system`, ukifunga leo data yako yote inafutwa, halafu ukaguzi unaanza kwa ukali. Faili moja likibadilishwa, kipande chake cha kilobaiti 4 hakilingani tena na hesabu iliyotiwa sahihi kiwandani. Simu inajizima na kujiwasha, ama inakwama kwenye onyo jekundu. Na kama swichi ya `OEM unlocking` imezimwa, kuifungua tena ni shida, maana swichi yenyewe iko ndani ya mfumo usiowaka. Yangu ilinikwamia hivyo, safari ya Nakuru nzima bila simu.

Weka kwanza mfumo kamili wa kiwandani wa modeli hiyo hiyo, na usichukue wa zamani. Simu huhifadhi namba ya kuzuia kurudi nyuma. Tuseme imeandika 5: mfumo wenye 4 utakataliwa hata sahihi ikiwa halali. Mtego ni kwamba butloda ikiwa wazi, simu nyingi hupuuza namba hiyo, kwa hiyo mfumo wa 4 utawaka vizuri tu mpaka siku utakapofunga.

Ukishauweka, iwashe mara moja ikiwa wazi, ndipo ufunge.