Maumivu ya mguu yakipanda kiunoni, usiache mazoezi

Juzi msomaji mmoja wa Makorora kaniandikia: "Dada, mguu wa kulia unawaka moto kuanzia kwenye tako mpaka kidole gumba. Nimekandwa weee, hamna kitu. Sasa nimeanza kulala kifudifudi kama ulivyoniambia, mguu umepoa lakini kiuno ndiyo kinauma zaidi. Niache?"

Nikamjibu palepale: usiache, hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tunaingoja.

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, hapa Tanga, na msimu wa sare za shule ndio ulioniangusha. Nilikuwa nashinda nimeinama juu ya kitambaa tangu asubuhi. Siku moja nikapiga chafya, na maumivu yakashuka nyuma ya paja mpaka muundini kama umeme. Usiku ukawa mrefu. Kuvaa soksi ilikuwa mtihani. Mtu wa karibu yangu, nisiyetaka kumtaja, alisema nakwepa kazi. Mwingine akasema nimepigwa kipapai. Maneno yale bado yananichoma, kwa sababu ugonjwa huu hauonekani kwa macho, na anayeumwa huonekana mzima.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, na ndani yake kuna ute mzito. Ukikaa umeinama muda mrefu, diski hubanwa upande wa mbele na ute husukumwa nyuma, kama embe bivu unalolibonyeza upande mmoja. Ukingo wa diski ukichanika, ute hutokeza na kugusa mzizi wa neva ya siatiki, na hapo mzizi huvimba. Neva hiyo ni nene kama kidole, inapita takoni na nyuma ya paja, ndiyo maana kidonda kiko kiunoni lakini kilio kiko mguuni. Kumkanda mtu muundi kunampa faraja ya muda tu, maana tatizo haliko pale.

Kwa hiyo usipime nafuu kwa ukali wa maumivu, ipime kwa mahali yalipofika. Yakitoka unyayoni yakarudi gotini, yakatoka gotini yakarudi takoni, neva inaachiwa, hata kama kiuno kinalalamika zaidi kuliko jana. Yakishuka chini zaidi, au ganzi ikiongezeka, hapo unajiumiza.

Mimi nilianza hivi. Nilitandika mkeka sakafuni, nikalala kifudifudi, mikono pembeni, dakika 2 au 3, napumua taratibu. Mara ya kwanza niliona hata hilo ni zito, nikaweka mto chini ya tumbo. Nilipozoea, nikajiinua kwa viwiko, kifua juu, nyonga zimebaki mkekani, dakika 2 tena. Mguu ulipokubali, nikaanza kusukuma kwa viganja mpaka mikono ikanyooka, kiuno kimelegea, nashuka, napanda, mara 10. Nilirudia kila baada ya saa 2 au 3, hata dukani, nyuma ya pazia la kupimia nguo. Wateja walishangaa, waache washangae.

Kati ya zamu hizo, kazi yote uliyoifanya mkekani unaweza kuiharibu kwenye kiti. Ukikaa, weka khanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na usipitishe nusu saa bila kusimama ukatembea. Ndoo usiiokote kwa kuinama. Lakini usijilaze kitandani siku nzima pia, mgongo unakakamaa. Usiku lala ubavu, mto kati ya magoti. Wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Nikiri jambo moja kwa wazee wetu: kama wewe mguu unauma ukisimama au ukitembea, na unapoa ukikaa au ukiinama, basi huenda njia ya neva imekuwa nyembamba kwa umri. Kujikunja nyuma kutakuzidishia. Mazoezi yako ni mengine, muone mtaalamu.

Na kuna ambayo hayafanyiwi mazoezi nyumbani. Simama kwa visigino, kisha simama kwa vidole. Mguu mmoja ukigoma kabisa, au unyayo ukiburuta ukitembea, nenda hospitali bila kuchelewa. Homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, vivyo hivyo. Ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, ukashindwa kukojoa, au haja ikakutoka bila kujua, usingoje asubuhi, tafuta bajaji ikupeleke hospitali ya Bombo usiku huohuo. Neva za kibofu zikibanwa kwa muda mrefu, huenda zisirudi tena.