Ratiba ya apu kwa anayefanya kazi mchana: hesabu ya saa kabla ya kuandika kodi

Chukua mfano huu. Umeajiriwa Lamu, unatoka kazini saa kumi na moja jioni, na unataka kutengeneza apu ya simu ambayo nahodha atairekodia safari za wageni: nani anakwenda Manda Toto, siku gani, na ametoa arbuni kiasi gani. Wageni huongezeka kuanzia Disemba, Kaskazi ikishaingia, kwa hivyo apu iwe tayari ifikapo mwisho wa Novemba. Ukianza wiki ya pili ya Agosti una kama wiki 16.

Wengi huhesabu vibaya hapa. Baada ya isha na chakula unakaa kwenye laptopu saa mbili usiku hadi saa nne, siku nne kwa wiki, na kwenye karatasi unaandika saa 8. Lakini usiku mmoja kati ya hizo nne utapotea: umeme utakatika, kuna harusi, au umechoka tu. Zimebaki 6. Halafu kila usiku dakika 15 za mwanzo huishia kukumbuka ulipoachia. Panga kwa saa 5. Wiki ya Maulidi iandike sifuri, na Ramadhani uipunguze sana, maana baada ya tarawehe kodi haiandikiki vizuri. Tarehe hizo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo zitie kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa ondoa muda wa kusubiri, ambao bidii yako haiwezi kuufupisha. Akaunti ya kibinafsi ya msanidi kwenye Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa iwe na wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga na jaribio lililofungwa, yaani closed testing, kwa siku 14 mfululizo. Baada ya hapo ndipo unaomba ruhusa ya kuitoa apu kwa umma, na ukaguzi huo kwa kawaida huchukua hadi siku 7, wakati mwingine zaidi. Hizo ni wiki tatu. Ongeza moja ya tahadhari, na zilizobaki za kuandika kodi ni 12, yaani saa 60.

Andika kazi na makadirio yake: fomu ya safari na kuihifadhi, saa 14, kalenda inayokataa chombo kimoja kukodishwa mara mbili siku moja, saa 16, kupokea arbuni kwa STK Push, ombi la malipo la M-Pesa linalojitokeza kwenye simu ya mteja, saa 30, kuoanisha data na seva, saa 25. Jumla 85, nawe una 60, na makadirio ya mtu mgeni kwa kawaida huzidiwa.

La kukata kwanza ni STK Push. Kuifanya ikubali malipo kwenye mazingira ya majaribio si kazi kubwa. Muda hulika kwa mteja aliyefuta ombi (jibu 1032) au ambaye simu yake haikupatikana (1037), na kwa kuhitaji seva yenye anwani ya HTTPS ili majibu yafike. Weka kisanduku ambacho nahodha ataandikia namba ya muamala aliyoipata kwa SMS: saa 3. Na kwa kuwa toleo la kwanza linatumika kwenye simu moja, seva haina kazi. Kitufe cha kutoa nakala ya data kinatosha, saa 6. Jumla sasa ni 39. Zidisha kwa 1.5, unapata 58.5. Hiyo inaingia.

Vituo vya ratiba viwe vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuviona. “Nusu ya kodi imekwisha” hakipimiki. Kituo cha kwanza, mwisho wa wiki ya 4: nahodha anaingiza safari kwenye simu yake mwenyewe, anaizima, anaiwasha, na safari bado ipo. Cha pili, wiki ya 9: kalenda inakataa safari ya pili. Cha tatu, wiki ya 12: arbuni na nakala zinafanya kazi.

Tuseme cha kwanza kimefikiwa wiki ya 6. Saa 14 zimekula 30, zaidi ya mara mbili. Kazi iliyobaki ya saa 25 itataka kama 53, na wiki 6 zina 30 tu. Usijibu kwa kukesha: kodi ya saa saba usiku hulipwa na makosa utakayoyasaka wiki nzima. Badilisha kalenda iwe orodha iliyopangwa kwa tarehe, saa 5. Pamoja na 9 za arbuni na nakala ni 14, mara 2.1, karibu 30. Tarehe haikusogea.

Kila usiku, kabla ya kufunga laptopu, acha alama ya pa kuanzia kesho:

```
git commit -am "fomu inahifadhi; kesho: tarehe ikiwa tupu"
```

Wajaribu uwatafute kuanzia wiki ya 8, wala usingoje apu iishe. Chukua 16, kila mmoja awe na simu ya Android na akaunti ya Google, maana wakijitoa na kubaki chini ya 12, zile siku 14 zinaweza kuanza upya.