Kumpiga mtu picha na Mlima nyuma yake: mwanga, mipangilio ya simu na kuhariri

Somo hili ni la anayeanza kupiga picha kwa simu hapa Moshi, awe anapiga ndugu, wageni au wahitimu. Tumechagua picha moja tu, ile ambayo kila mtu huombwa kuipiga: mtu amesimama mbele, Kilimanjaro nyuma yake. Ukiiweza hii, picha nyingi za nje hazitakusumbua, kwa sababu ugumu wake ni uleule. Uso uko mita chache kutoka kwenye simu, Mlima uko kilomita 30 hivi, na mara nyingi kila kimoja kinapata mwanga wake. Simu inapiga vyote kwa kipimo kimoja. Ikiupendelea uso, Mlima unapotelea kwenye weupe. Ikiupendelea Mlima, uso unakuwa kivuli.

Tuanze na jua, maana hapo ndipo picha inapopatikana au kupotea. Ukiwa Moshi mjini, Mabogini au TPC, Mlima uko kaskazini. Ukiutazama, mashariki iko mkono wako wa kulia, Kibo kushoto kidogo na Mawenzi kulia. Jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, kwa hiyo kati ya saa 1 na saa 2 na nusu linapiga kutoka upande mmoja, likiwa bado chini, na linaangaza uso na Mlima kwa pamoja. Ndiyo saa tunayoipendekeza kuliko zote. Isitoshe, Mlima huwa wazi zaidi alfajiri na asubuhi. Jua likipanda mawingu hukusanyika ubavuni, na mara nyingi kufika saa 4 umeshajifunika. Jioni hufunguka tena siku nyingine, ila usimwahidi mtu. Hewa nayo inahesabika: siku ya vumbi Mlima huonekana wa kijivu hata kama hauna wingu, na asubuhi ya baada ya mvua huonekana karibu zaidi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalipi nafasi: jua la mchana halikai upande uleule mwaka mzima. Sisi tuko kusini kidogo mwa Ikweta. Mwezi Juni na Julai jua la mchana linapita upande wa kaskazini, yaani mbele yako unapoutazama Mlima. Uso wa mtu unabaki gizani na mwanga unampiga kisogoni. Desemba na Januari linapita kusini, nyuma yako, na alasiri linakuwa nyuma ya bega lako la kushoto. Likiwa hapo linaangaza uso na Mlima vizuri kabisa, endapo Mlima umetoka. Kwa hiyo mahali palipokupa picha safi alasiri ya Januari patakupa uso mweusi mwezi Julai, na simu haina kosa. Arusha ni vivyo hivyo, kwa kuwa Mlima Meru nao uko upande wa kaskazini wa mji.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni asubuhi, saa 1 na nusu, dada amevaa joho la mahafali, mmesimama kwenye uwanja wazi na Mlima uko wote.

Futa lenzi kwanza. Simu inakaa mfukoni na inashikwa na vidole vyenye mafuta, na mafuta yale yakipigwa na jua la pembeni yanatandaza utando mweupe juu ya picha nzima. Kitambaa laini cha pamba kinatosha, ila puliza vumbi kabla ya kusugua, kwani mchanga unakwaruza.

Kisha msimamishe. Dada anakutazama wewe, kwa hiyo mashariki iko kushoto kwake. Mwambie ageuze uso kidogo kuelekea jua, asilitazame lenyewe. Shavu la kushoto litang'aa na la kulia litakuwa na kivuli. Kivuli kikiwa kizito, mwombe mtu ashike shuka nyeupe au karatasi ya manila nyeupe upande wa kulia wa dada, kama mita moja kutoka usoni, nje ya picha. Mwanga utarudi kwenye lile shavu na utauona kwa macho kabla hujapiga. Shuka iwe nyeupe kweli. Ya kijani au nyekundu inarudisha rangi yake kwenye ngozi.

Umbali ndio unaoamua ukubwa wa Mlima. Malalamiko ya kwanza ya kila mwanafunzi ni kwamba Mlima, mkubwa vile, kwenye picha umekuwa kichuguu. Ukisimama mita 2 kutoka kwa dada na simu ikiwa kwenye 1x, anaenea kichwa hadi miguu na Mlima unakuwa mdogo. Rudi nyuma hadi mita 6, uweke 3x. Dada atabaki na ukubwa uleule, lakini Mlima utakuwa mkubwa mara tatu, kwa sababu yeye umemsogelea kwa kamera baada ya kumwacha kwa miguu, na Mlima hukuuacha hata kidogo: mita 4 si kitu mbele ya kilomita 30. Kwa 3x simu ikiwa wima, huenda ukalazimika kumwacha Mawenzi nje na kubaki na Kibo. Ukiwataka wote wawili, laza simu, au tumia 2x ukiwa mita 4.

Simu nyingi za bei nafuu hazina lenzi ya kuvuta. Zinakata tu katikati ya picha na kuikuza, na maelezo yanapungua. Kujua ni rahisi: weka 2x au 3x ukiwa kwenye mwanga mwingi, kisha ziba lenzi kuu kwa kidole. Picha ikizibwa, simu yako inakata. Hapo ishia 2x. Na usitumie 0.6x kwa picha hii kabisa, itaufanya Mlima kuwa mstari tu na itavuta miguu ya mtu.

Kabla ya kupiga, zima vitu viwili. Cha kwanza ni urembo, unaoandikwa Beauty kwenye simu nyingi. Unasafisha ngozi hadi inapauka, na mtu mweusi anatoka na rangi ya majivu. Cha pili ni modi ya Portrait. Kazi yake ni kufifisha kilicho nyuma, na kilicho nyuma hapa ndicho mlichokifuata. HDR iache kwenye Auto: simu inapiga picha kadhaa kwa haraka, nyingine angavu nyingine za giza, na kuziunganisha, hivyo theluji na uso vyote vinapona. Gharama yake ni kwamba mtu akitikisika, au joho likipepea, unaweza kuona kingo mbilimbili. Mwambie atulie hadi simu imalize.

Sasa kipimo cha mwanga. Gusa uso wa dada kwenye kioo, kisha bonyeza na ushikilie hapohapo hadi simu ikuonyeshe kuwa imefunga. Kwenye iPhone yatatokea maneno AE/AF LOCK, kwenye simu nyingine nyingi utaona alama ya kufuli. Pembeni kuna alama ndogo ya jua. Iburute chini taratibu huku macho yako yakiwa kwenye theluji ya Kibo, si usoni. Simama pale theluji inapoanza kuonyesha mikunjo badala ya kuwa doa jeupe. Kwenye simu zenye namba, mara nyingi hiyo ni kati ya -0.3 na -1. Uso utaonekana mweusi kidogo kuliko unavyotaka, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Sehemu iliyoungua kwa mwanga ikawa nyeupe tupu haina kitu ndani yake, huwezi kuirudisha wakati wa kuhariri. Sehemu yenye kivuli ina maelezo bado, unaweza kuinyanyua. Ila usishuke hadi -2, kwa maana ukinyanyua giza zito zinatokea chenga, hasa kwenye joho jeusi.

Wenye modi ya Pro waweke ISO, yaani wepesi wa simu kupokea mwanga, kwenye 50 au 100, na WB, yaani mizani ya rangi ya mwanga, kama 5300K kwa jua la asubuhi. Faida ya kuifunga WB ni kwamba picha kumi za dada yuleyule zitatoka na ngozi ya rangi moja. Ukiiachia Auto, akisogea karibu na majani simu inaweza kubadilisha rangi katikati ya kazi. Spidi ya kupiga iache simu ichague kama inaruhusu, ili mradi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde.

Ikiwa mmechelewa na jua liko utosini, macho yatakuwa mashimo meusi. Msogeze kwenye ukingo wa kivuli cha mwembe, hatua moja tu ndani, uso ukielekea kwenye uwazi. Kwenye kivuli WB ya 6500K hivi inaondoa ubluu. Lakini ukweli ni huu: Mlima ulio juani na uso ulio kivulini vinatofautiana sana, na fleshi ya simu mchana haifiki mbali. Piga uso vizuri, Mlima upauke; au rudini kesho asubuhi.

Kuhariri kunafanyika kwenye Snapseed, programu ya simu ambayo ni ya bure. Mpangilio wa vitufe hutofautiana kwa toleo. Kabla ya lolote, weka mwanga wa kioo katikati na uzime ile rangi ya njano ya usiku, la sivyo utarekebisha kioo ukidhani unarekebisha picha.

Nyoosha kwa Rotate, kata kwa Crop. Ingia Tune Image: Highlights -25 ili mawingu na theluji virudi, Shadows +20, Warmth +5. Namba hizi ni za kuanzia. Kisha Selective: gusa uso wa dada, bana au tanua kwa vidole viwili hadi eneo jekundu lifunike uso na shingo tu, uongeze Brightness +15. Weka nukta nyingine juu ya Kibo, hapo ongeza Contrast +15 na Structure +20. Hii inakata ukungu bila kugusa ngozi. Kosa la kawaida ni kupaka Structure picha nzima, uso unatoka na vinyweleo kama umemwagiwa mchanga.

Kuza picha utazame ukingo wa kichwa. Ukiona duara jeupe limemzunguka, Shadows au Brightness imezidi, rudisha nusu. Angalia pia mbingu karibu na kilele: ikiwa ina michirizi ya ngazi ngazi, umezidisha Contrast.

Hifadhi nakala mpya, asili ibaki. Ukimtumia mwenyewe kwa WhatsApp, itume kama Document; ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na mikunjo ya theluji uliyoihangaikia ndiyo inayoondoka kwanza.